Mzee kaeleza ukoo kwa voisi, sasa unaupangaje kwenye karatasi? Twende taratibu

Wiki mbili zilizopita grupu letu la ukoo lilichafuka kweli. Tunajiandaa na kikao cha familia hapa Ujiji, mzee mmoja akarekodi voisi ya dakika kama nane hivi akieleza nani kazaliwa na nani, kijana mmoja akaiandika yote kwa maneno akaituma, kisha watu watatu tofauti wakajaribu kuipanga iwe orodha ya vizazi, wazazi juu watoto chini. Zikatoka orodha tatu na hakuna iliyofanana na mwenzake. Kwenye moja Shabani katokea kuwa mjomba wa watu anaolingana nao, kwenye nyingine Jafari kawekwa kwa baba asiye wake, watu wakaanza kununiana, yani hadi kuna aliyesema anafutwa kwenye ukoo.

Hakuna aliyefutwa jamani. Maelezo ya mzee yalikuwa sahihi kabisa, shida ilikuwa namna ya kuyatoa kwenye sentensi kuyapeleka kwenye orodha. Nimekaa nayo siku tatu na ningependa kueleza nilivyofanya maana naona familia nyingi za Kigoma na Tabora zinapita hapohapo, hasa ikifika habari ya kikao cha mirathi. Majina yote hapa nimeyabadilisha.

Kwanza tuelewane maneno. Kizazi ni daraja moja, ndugu wote wa tumbo moja au baba mmoja wako kizazi kimoja, na watoto wao wote ni kizazi kinachofuata. Orodha ya kusogeza ndani ni ile ambayo jina la mzazi linaanza pembeni kushoto, halafu majina ya watoto wake yanakuja chini yake ila yameingia ndani kidogo, na wajukuu wanaingia ndani zaidi. Ukiona jina limeingia ndani hatua moja kuliko jina fulani la juu yake, huyo wa juu wa karibu zaidi ndo mzazi wake. Basi, kanuni ni hiyo moja tu na kila kitu kingine kinatoka humo.

Wa huku kwetu wafikirie reli. Ukitoka Tabora kuna njia ya kwenda Mwanza na kuna njia ya kuja Kigoma, na hii ya Kigoma ikifika Kaliua inatoa tawi la Mpanda. Huwezi kuandika Mpanda moja kwa moja chini ya Tabora ukaruka Kaliua, kwa sababu treni yenyewe hairuki. Ukiiandika kwa kusogeza ndani inakuwa hivi:

```
Tabora
    Mwanza
    Kaliua
        Kigoma
        Mpanda
```

Mzazi ni kama stesheni ya kugawanya njia. Mjukuu hafiki kwa babu bila kupita kwa mzazi wake, hata kama huyo mzazi hatumjui jina. Shikeni hilo la stesheni, tutalirudia kwa Shabani.

Haya, maneno ya mzee, nimeyafupisha:

"Mzee Kasimu aliwaoa bi Zena na bi Mwamvita. Bi Zena alimzalia Hamisi, Tatu na Ramadhani, bi Mwamvita akamzalia Idi na Mariamu. Hamisi watoto wake ni Kasimu mdogo na Asha, na Jafari naye alikulia kwa baba yake Hamisi. Ramadhani alifariki mapema akaacha mtoto mmoja tu, Jafari. Tatu aliolewa Tabora akapata Saidi na Zuhura. Saidi akamuoa Rehema, binti wa mjomba wake Idi, wakamzaa Bakari. Mariamu hakujaliwa mtoto. Mzee Kasimu mwenyewe ni mtoto wa Feruzi aliyevuka ziwa kutoka Manyema, na dada yake Kasimu ni Mkiwa, ndo bibi yake Shabani."

Kosa la kwanza walilofanya wote watatu ni kuanza kupanga orodha palepale wakisoma sentensi ya kwanza. Mzee kaanza na Kasimu kwa hiyo na wao wakamweka Kasimu juu kabisa, kisha sentensi ya mwisho inakuja Feruzi na hana pa kukaa, mmoja akamchomeka chini kama maelezo ya ziada. Mzungumzaji anaanza na mtu anayemkumbuka vizuri au anayependwa, haanzi na wa kwanza kuzaliwa, na hivyo ndivyo wazee wanavyohadithia siku zote. Ndo maana usipange kwanza. Kazi ya kwanza ni kuvunjavunja sentensi kuwa jozi, mzazi upande mmoja mtoto upande wa pili, jozi moja mstari mmoja, bila kujali nani yuko wapi kwenye ukoo.

Hapo kwenye jozi kuwa makini na upande, kwa sababu Kiswahili kinasema jambo moja kwa njia nyingi na nyingine zinageuza mpangilio wa majina. "Idi alimzaa Rehema", "Rehema ni binti wa Idi", "Idi ndo baba yake Rehema", zote ni jozi ileile, Idi kisha Rehema, lakini kwenye ile ya pili jina la mtoto limetangulia na ukiandika kwa haraka unamfanya Rehema amzae Idi. Mimi nilikuwa najiuliza kila mara swali moja, nani alikuwepo duniani kabla ya mwenzake kati ya hawa wawili, huyo namwandika kushoto.

Jozi zikawa hizi, za watu wa damu ya Feruzi tu, wake walioingia kwa ndoa hawamo:

```
Feruzi > Kasimu
Feruzi > Mkiwa
Kasimu > Hamisi
Kasimu > Tatu
Kasimu > Ramadhani
Kasimu > Idi
Kasimu > Mariamu
Hamisi > Kasimu mdogo
Hamisi > Asha
Ramadhani > Jafari
Tatu > Saidi
Tatu > Zuhura
Idi > Rehema
Saidi > Bakari
Rehema > Bakari
Mkiwa > ?
? > Shabani
```

Mbili hapo zinahitaji maelezo maana ndo zilizoleta ugomvi.

Jafari. Sentensi inasema "alikulia kwa baba yake Hamisi", na kwetu hilo ni neno sahihi kabisa, kaka wa baba yako ni baba, unaweza kusema baba mkubwa au baba mdogo ukitaka kufafanua lakini kwenye mazungumzo ya kawaida ni baba tu na heshima yake ni ya baba. Mpangaji akaona neno baba akamweka Jafari chini ya Hamisi. Lakini sentensi inayofuata ndo inataja uzazi, Ramadhani alifariki akaacha mtoto mmoja, Jafari. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, maneno baba, mama, kaka, dada na ndugu peke yake hayatoshi kutengeneza jozi. Yanayotosha ni kuzaa, kuzaliwa, "wa tumbo la", "kaacha mtoto", na pale ambapo hayapo uliza. Kulelewa kusifutwe, ni historia ya kweli na Jafari mwenyewe anaitaja kwa moyo mkunjufu, iandikwe pembeni ya jina lake.

Hata lile la Mkiwa kuwa "dada yake Kasimu" sikuliamini hivihivi, ilibidi nimpigie mzee nimuulize kama ni dada wa baba mmoja au ni binti wa baba mdogo wake, maana zote mbili tungesema dada. Akasema baba mmoja, Feruzi. Ndo nikaandika.

Shabani sasa. Mzee kasema Mkiwa ni bibi yake Shabani. Bibi, siyo mama. Kati yao kuna mtu mmoja ambaye sentensi imemruka, na yule aliyepanga alimweka Shabani moja kwa moja chini ya Mkiwa kwa sababu hakuwa na jina la kuweka katikati. Hiyo ni kuiandika Mpanda bila Kaliua. Matokeo yake Shabani kapanda daraja moja, kawa sawa na Hamisi na Idi, akina Asha na Saidi wakaonekana wanatakiwa wamwite mjomba, wakati ni wa daraja lao. Dawa ni kuweka alama ya kuuliza kama stesheni isiyojulikana jina. Haijalishi kwamba Shabani ana mvi na Idi anaonekana mdogo kuliko yeye. Umri haupandishi mtu daraja. Familia zetu zenye wake wawili au watatu ni kawaida kabisa kumkuta mjomba aliyezaliwa miaka kumi baada ya mpwa wake, na bado yeye ndo anakaa juu.

Baada ya jozi, kutafuta wa juu kabisa ni rahisi kupita maelezo. Tazama majina ya upande wa kulia, yani upande wa watoto. Jina ambalo halipo hata mara moja upande ule ndo shina. Hapa ni Feruzi peke yake. Ukikuta mawili au matatu, ama una matawi mawili ambayo hujajua yanaunganikia wapi, ama kuna jozi umeisahau, ama jina moja umeliandika kwa namna mbili, Ramadhani na Ramazani kwa mfano, na karatasi ikadhani ni watu tofauti. Kinyume chake ni hatari zaidi, jina moja watu wawili. Sisi tunarithishana majina ya babu, ndo maana hapa kuna mzee Kasimu na Kasimu mdogo, na usipowatofautisha tangu kwenye jozi utajikuta Kasimu anakuwa mjukuu wa nafsi yake. Kama mna majina matatu ya kitambulisho yatumieni, jina lake, la baba, la babu, maana yanabeba vizazi vitatu kwenye mstari mmoja na yanasaidia kuhakiki. Ila nayo msiyaamini asilimia mia, kuna watu waliandikishwa shule kwa jina la mjomba au baba aliyewalea na ndo limebaki hadi leo.

Halafu unashuka. Andika Feruzi, chini yake ingiza hatua moja andika mtoto wake wa kwanza, lakini usikimbilie mtoto wa pili, mmalize kwanza huyo wa kwanza na wote wa chini yake mpaka tawi liishe, ndo urudi kwa ndugu yake. Ukiandika ndugu wote kwanza kisha wajukuu wote, unapata tabaka zuri la vizazi ila haujui tena nani wa nani. Hii hapa:

```
Feruzi
    Kasimu (wake: Zena, Mwamvita)
        Hamisi (mama: Zena)
            Kasimu mdogo
            Asha
        Tatu (mama: Zena)
            Saidi (mke: Rehema)
                Bakari
            Zuhura
        Ramadhani (mama: Zena)
            Jafari (kalelewa na Hamisi)
        Idi (mama: Mwamvita)
            Rehema (mume: Saidi)
                Bakari (tazama kwa Saidi)
        Mariamu (mama: Mwamvita)
    Mkiwa
        ? (mzazi wa Shabani)
            Shabani
```

Wake wa mzee Kasimu mmewaona wapo mstari uleule wa mume wao. Kuna mtu alimpa bi Zena mstari wake, akaingia ndani hatua moja chini ya Kasimu, na watoto wakaingia tena hatua moja chini ya bi Zena. Nia ilikuwa njema, alitaka matumbo mawili yasichanganyike, lakini kwa kanuni ya orodha bi Zena kawa binti wa Kasimu na Hamisi kawa mjukuu. Ukitaka matumbo yaonekane andika jina la mama pembeni ya kila mtoto kama nilivyofanya, hatua hazivurugiki na hakuna mama anayepotea. Kuhusu mpangilio wa watoto, mimi nimeweka tumbo la bi Zena kwanza kisha la bi Mwamvita, wengine wanapanga kwa kuzaliwa tu bila kujali tumbo, zote sawa ilimradi uchague moja ukae nayo.

Bakari ndo mtihani mgumu kuliko wote. Baba yake Saidi katoka kwa Tatu, mama yake Rehema katoka kwa Idi, na Tatu na Idi ni ndugu wa baba mmoja. Ndoa ya binamu. Kwa hiyo Bakari anafikika kwa njia mbili kutoka kwa mzee Kasimu, na orodha ya kusogeza ndani kwa maumbile yake inampa kila mtu njia moja tu. Ukimwandika kamili mara mbili, siku akipata watoto utawaandika mara mbili nao na hesabu ya ukoo inavimba. Ukimwandika mara moja tu, tawi la Idi linaonekana limeishia kwa Rehema na mzee Idi atauliza mjukuu wake yuko wapi, na ana haki ya kuuliza. Ndo maana kamili anaandikwa sehemu moja, na ya pili inakuwa jina lake tu na neno la kukuelekeza.

Kuna hesabu ndogo ya kujua kama umekosea, naipenda sana hii. Hesabu watu wa damu walio kwenye orodha, kila mtu mara moja, wake walioingia kwa ndoa usiwahesabu, alama ya kuuliza ihesabu kama mtu. Hapa ni 17. Ukoo usio na ndoa za ndani unatakiwa kuwa na jozi pungufu kwa moja, yani 16, kwa sababu kila mtu ana mzazi mmoja kwenye orodha isipokuwa shina. Sisi tuna jozi 17. Imezidi moja, na hiyo moja ni Bakari mwenye wazazi wawili humuhumu ndani. Kama ingezidi na hakuna ndoa ya binamu ningejua kuna mtu nimempa mzazi asiye wake, na kweli orodha ile iliyokuwa na Jafari chini ya Hamisi na pia chini ya Ramadhani ingekamatwa hapohapo.

Kwenye simu kuna tatizo lingine. Ukituma orodha kama hii kwenye grupu mstari mrefu unakatika na kurudi mwanzo, mtu mwenye kioo kidogo anaona majina yamepangana hovyo. Hapo tumia namba. Kila mtoto anachukua namba ya mzazi wake na kuongeza nafasi yake ya kuzaliwa, Mfaransa mmoja aitwaye Jacques d'Aboville ndo aliyeupanga utaratibu huu mwaka 1940.

```
1 Feruzi
1.1 Kasimu
1.1.1 Hamisi
1.1.2 Tatu
1.1.2.1 Saidi
1.1.2.1.1 Bakari
```

Nimechukua mstari wa Bakari tu, na Hamisi ili uone kwa nini Tatu ni wa pili. Hesabu tarakimu zilizotenganishwa na nukta, Bakari ana tano, basi ni kizazi cha tano, hata nafasi zote za mwanzo zikipotea. Ubaya wake, akigundulika mtoto aliyesahaulika katikati, wadogo zake wote na vizazi vyao vinabadilika namba, kwa hiyo weka namba mwisho kabisa. Na kwenye kompyuta chagua moja, nafasi nne au kitufe cha Tab, ukichanganya itaonekana sawa kwako na kuharibika kwa mwenzako.

Sasa hili nawaomba mlisome vizuri maana nimeona watu wanalia. Orodha ya ukoo siyo orodha ya warithi. Orodha inasema nani kamzaa nani basi. Nani anarithi inategemea sheria inayotumika kwenye mirathi ile, ya Kiislamu, ya kimila au ile ya serikali, na nani alikuwa hai siku ya kifo. Mfano Jafari. Ramadhani alifariki kabla ya mzee Kasimu, na kwa sheria ya Kiislamu mjukuu wa mtoto wa kiume anazuiliwa na mtoto wa kiume wa marehemu aliye hai, na hapa Hamisi na Idi wapo. Anaweza kupata kwa wasia wa babu yake, ambao hauzidi theluthi ya mali. Kwa hiyo Jafari kuwepo kwenye orodha hakumpi fungu, na kukosa fungu hakumtoi kwenye orodha. Na Mariamu asiye na mtoto naye anaandikwa, mstari wake hauna kitu chini yake lakini upo, na kwenye urithi wa baba yake ana fungu lake kamili la binti.

Ile alama ya kuuliza ya Shabani ilinisumbua. Jumamosi nikaenda Kibirizi kwa bibi mmoja ambaye alikuwa jirani wa Mkiwa enzi hizo, nikamsomea orodha taratibu jina kwa jina, yeye anatikisa kichwa tu. Nilipofika kwa Mkiwa nikasema hapa mtoto wake hatumjui, akanikatisha, akasema alikuwa binti, Nuru, na alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyeenda Urambo kwenye tumbaku wala hakurudi, anaitwa Masudi.

```
    Mkiwa
        Nuru
            Shabani
        Masudi (alienda Urambo)
```

Watu 18, jozi 18. Kuna mwenye ndugu Urambo anayeweza kuuliza?